Asante Iliyotangulia

Kwetu mtu hashukuru mbele ya kupewa. Unapewa kwanza, unarudi nyumbani, unakaa siku moja mbili ili isionekane una haraka, kisha unarudi na kuku ao kikapu cha viazi na kusema wasingya, yaani asante. Hivyo ndivyo mama alivyotulea, mimi binti yake na kaka yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama watu wote wa Butembo wanavyoita wakubwa wao. Mama alisema kushukuru mapema ni kumvuta mtu mkono ungali mfukoni mwake. Mimi nilishukuru mapema mara moja tu maishani, na haikuwa tamaa. Ilikuwa kwa sababu ya jenereta.

Ulikuwa wakati wa vita, wakati serikali ilikuwa upande mwingine wa nchi na sisi upande wa waasi. Nilikuwa mwalimu wa sekondari Butembo. Mshahara wa serikali tuliusikia tu kwenye redio, na wazazi wa wanafunzi ndio waliotulisha kidogo. Nililala kwa yaya, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja naye, mke wake na watoto wao sita. Mama alikuwa kijijini, milimani nyuma ya Kirumba. Kule watu wenye silaha walipita wakitoka huku na wengine wakitoka kule, na kila kundi lilisema limekuja kulinda watu na lile lingine. Usiku mama alikwenda kulala katika migomba na majirani. Alikuwa mzee, na kifua chake hakikupenda baridi ya migomba.

Nilimwomba mara nyingi ashuke Butembo. Jibu lake lilikuwa moja.

"Sitakuja kulala chini ya miguu ya batoto ya bengine. Siku utakuwa na mulango yako, nitakuja na godoro yangu."

Basi mimi nilikuwa natafuta mlango. Watu walidhani natafuta kazi, wakanisifu kwamba nina bidii. Bidii gani. Nilikuwa natafuta mlango mmoja unaofungwa kwa ufunguo, na nyuma yake mama yangu.

Ndipo lilipotoka tangazo kwenye ubao wa parokia: shirika moja la wageni, la misaada, lilihitaji mtu wa kutunza ghala la dawa Beni. Mtu mwenye diploma, anayejua Kifaransa na hesabu, na nyumba ndogo ndani ya ua wa ghala ilikuwa sehemu ya kazi. Nilisoma hayo maneno ya nyumba, nikarudi kuyasoma tena. Nilipeleka maombi, na baada ya majuma kadhaa nikaletewa karatasi ya kuniita kwa mahojiano. Ilikuwa na sahihi ya mkubwa wa ofisi ya Beni, jina lake zuri la kigeni limeandikwa chini kwa herufi kubwa, na anwani ya barua pepe ya ofisi.

Yaya alikuwa amefanya mafunzo ya biashara Kampala, na tangu arudi alijua kila kitu cha wageni.

"Ukisha toka kwa mahojiano, unabatumia mesaji ya kushukuru," alisema. "Siku ile ile ao kesho yake. Bazungu banapenda vile. Usipotuma banasema ule mutu haina politesse, haina adabu."

"Na kama haikuenda muzuri?"

"Mais hata kama. Unashukuru tu."

Sasa sikiliza namna barua pepe ilivyokuwa wakati ule. Butembo tulikuwa na chumba kimoja cha intaneti nilichokijua, juu ya duka la misumari na mabati. Tulikiita siber. Jenereta iliwashwa saa chache kwa siku, siku za mafuta, na kila dakika ya mtandao ililipiwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa na akili aliyeandika barua mtandao ukiwa unahesabu. Uliandika kwanza kwenye kompyuta isiyounganishwa, ukatia kwenye disketi, na saa ya mtandao ikifika unafungua sanduku lako, unamwaga maneno, unatuma, unatoka mbio. Beni nako siber ilikuwepo, lakini radi ilikuwa imepiga antena yao. Nikihojiwa Beni, nitatuma kutoka wapi? Na njiani ningekaa siku ngapi, nani alijua? Njia ya Beni wakati ule ilifunguliwa na kufungwa kama kinywa cha mtoto anayelishwa uji.

Yaya akatoa shauri, na hata leo siwezi kusema lilikuwa shauri la kijinga.

"Andika asante sasa, mbele ya kwenda. Acha disketi. Mimi nitatuma kesho yake ya mahojiano, asubui. Weye na njia mutajuana."

Nikaandika. Nilimshukuru yule mkubwa mwenye jina zuri kwa muda alionipa. Nilimshukuru kwa maswali yake ambayo hajaniuliza. Nilisema mazungumzo yetu yamenipa hamu zaidi ya kufanya kazi pamoja naye. Nilipomsomea yaya alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Tulicheka vizuri siku ile. Nilimpa disketi na neno la siri la sanduku langu, nikapanda lori la Beni.

Beni nilifikia kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa na Mwislamu mwenye malori na akaingia dini ya mumewe. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ofisi ya usafirishaji, na katika ofisi ile kulikuwa na foni, ile redio ya betri ya gari ambayo wasafirishaji waliitumia kuongea kutoka mji mpaka mji, kabla simu za mkononi hazijatufikia watu wa kawaida. Mama mdogo alinipokea na wali na maharagwe, akanifunga kitambaa chake kizuri kichwani, akasema niende na Mungu.

Kwenye ofisi ya shirika walinikaribisha katika chumba chenye meza moja. Nyuma ya meza alikuwa mwanamke mgeni, mwenye miwani, macho mekundu. Nilidhani ana malaria. Alisimama, akanipa mkono, akataja jina lake polepole na kazi yake, kwamba yeye ndiye anayesimamia ofisi kwa sasa. Pembeni alikaa mhasibu, mtu wa kwetu, aliyeandika. Yule mwanamke alinihoji vizuri kabisa. Aliniuliza nitafanya nini dawa za kipindupindu zikija na mvua na paa linavuja. Aliniuliza nitafanya nini askari akija na bunduki kuomba dawa. Nilijibu yote. Niliona kitu kimoja tu kisichokuwa cha kawaida: alikaa ukingoni mwa kiti, hakuegemea, na mgongoni mwa kiti kulikuwa na koti la mwanaume.

Mwishoni alisema, "Ukichaguliwa, utaweza kuanza upesi?"

"Hata kesho, Madame."

Akatabasamu kidogo. Nikatoka nikiwa na moyo mwepesi ambao sikuwa nao tangu vita vianze. Nilishaona mahali pa kuweka godoro la mama.

Getini nilimwambia mlinzi, mzee mmoja wa Oicha, kwa furaha tu, ya kuongea na mtu: "Nilifikiri nitamukuta chef, mwenye alisaini karatasi yangu. Kumbe ako mu safari?"

Mlinzi aliangalia nyuma, kisha akaniangalia.

"Ule chef hayuko tena, mama. Balimuua mu njia, juma yenye ilipita. Madame njo alienda kutwaa mwili."

Nilisema pole. Nilisema nini kingine, sijui. Nilifika barabarani, pikipiki zikinipigia honi, na hapo katikati ya vumbi ndipo disketi ilinirudia akilini. Butembo, mfukoni mwa shati la yaya, kulikuwa na barua yangu ya kumwambia maiti kwamba mazungumzo yetu yamenifurahisha. Anwani ilikuwa ya ofisi, iliyokuwa na antena yake yenyewe, si ya mtu. Atakayeifungua ni yule mwanamke wa macho mekundu.

Nilikwenda mbio mpaka kwa mama mdogo. Yaya angetuma kesho asubuhi, nilikuwa na muda. Foni ipo. Niliingia ofisini kwa mume wake kama mwenye kufukuzwa na mbwa, nikamwambia opereta aniitie Butembo sasa hivi.

"Butembo inafunguka asubui na magaribi," alisema opereta, bila kuinua macho. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kofia ya Kiislamu, na foni ilikuwa kama mke wake, hakupenda mtu aiguse. "Ngoja magaribi."

Magharibi mvua ilinyesha, na foni ikatoa sauti ya mafuta yanayokaanga, basi. "Butembo, Butembo, Beni anaita," alisema opereta, akaita tena, akaita tena, kisha akaniangalia kwa huruma na kuzima ili betri isiishe. Nililala bila kulala. Mama mdogo aliniambia Mungu ni mkubwa. Nikamjibu vibaya, kwamba najua ni mkubwa, shida yangu si ukubwa wake. Akanifunika blanketi. Alikuwa na subira kuliko mama.

Asubuhi Butembo ikaitika. Wakamwita yaya, akafika akihema, nikasikia sauti yake ikitoka kwenye kile kisanduku.

"Yaya," nilisema, "hapana tuma ile mesaji. À vous."

À vous ni kumwachia mwenzako hewa aseme. Ikarudi sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nilisha tuma! Jana magaribi. Siber ilipata mafuta, nikasema nitumie tu, kesho haijulikane. Iko kwa bo sasa. À vous."

Yaya, ambaye alichelewa harusi yake mwenyewe. Yaya, ambaye padri alimwambia siku ya ufufuo atakuta kaburi limeshafungwa tena. Siku ile moja alitangulia. Nilitaka kupasua foni kwa ngumi. Opereta alisogeza mkono wangu taratibu.

"Jina yenye niliandika haiko yenye kufaa," nilisema. "À vous."

"Namna gani haifai? Njo jina ya ku karatasi. Niliangalia mara mbili. À vous."

Nikafungua kinywa kumwambia kwa nini, na opereta akaweka kidole mdomoni mwake. Sheria ya hewani niliijua, wote tuliijua: hautaji askari, hautaji lori liko wapi, hautaji aliyekufa. Watu wengi wanasikiliza, wenye bunduki nao. Neno moja la kifo cha mgeni kwenye njia lingefunga njia nyingine tatu, na ofisi ya mume wa mama mdogo ingetembelewa. Kwa hiyo sikuweza kumwambia ndugu yangu wa tumbo moja kwa nini nalia. Nilimwambia tu arudi saa moja baadaye, nitampa maneno ya kusahihisha, na ajiandae kuandika.

Nikakaa uani na kalamu. Niliandika, jamani, niliandika. Niliandika kwamba Madame anisamehe, kwamba barua ile niliiandika kabla ya safari kwa sababu ya mafuta ya jenereta, kwamba disketi ilikuwa kwa kaka yangu, kwamba radi ilipiga antena, kwamba mimi si mtu wa kudhihaki maiti, kwamba baba yangu pia nilimzika bila kumwona. Nilieleza namna tunavyomwaga maneno kutoka kwenye disketi. Nilijaza kurasa mbili, pande zote. Machozi yaliharibu wino nikaandika upya.

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Aliniomba nimsomee, kwa sababu Kifaransa alikisikia ila hakukisoma. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Mwanangu, hii ni barua ao ni kesi ku tribunal?"

"Lazima ajue haikuwa ubaya."

"Ule mwanamuke iko na kilio. Utamupa mutu wa kilio kazi ya kusoma mashida ya jenereta? Umuambie umekosa jina, uandike jina yake, umuombe musamaha. Kisha unyamaze. Ukieleza sana, njo utamufanya akufariji weye."

Nilikasirika. Ilikuwa kweli, ndiyo sababu nilikasirika. Nilikata. Nilikata jenereta, nikakata radi, nikakata baba. Opereta naye alipita, akatazama, akasema, "Maneno fupi, mama, bateri iko chini," nikakata tena. Nilitaka angalau kuacha neno la pole kwa msiba. Lakini pole ya msiba hewani ni kutaja aliyekufa. Nikaikata nayo. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote, na kwa hilo sikuwa na la kufanya.

Yaya aliporudi kwenye foni nilimsomea polepole, naye akiandika. Nilimwambia afungue ile ile aliyotuma, ajibu juu yake, ili zikae pamoja, na kwenye kichwa cha barua aongeze neno moja: Marekebisho. Jina la Madame nilimpa herufi kwa herufi, akanirudishia herufi kwa herufi. Kisha maneno yenyewe, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

"Madame, ujumbe wangu wa kwanza ulibeba jina lisilo lako. Ni wewe uliyenipokea, na shukrani zangu ni kwako. Naomba radhi kwa kosa hili. Bado ninaitaka kazi hii, na niko tayari kuanza."

"Njo hiyo tu?" aliuliza yaya. "Hapana eleza kwa nini? À vous."

"Njo hiyo tu. Usiongeze kitu. À vous."

"Hata kamoja?"

"Yaya, usiongeze hata nukta."

Opereta alicheka kwa mara ya kwanza.

Jioni yaya alisema siber haina mafuta. Kesho yake alisema haina mafuta. Nilikaa uani kwa mama mdogo, njia imefungwa, sikuweza kurudi Butembo, sikuweza kutuma. Barua yangu ya kwanza ilikuwa imekaa kule kwenye mashine ya ofisi, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka pale nilipokaa. Mara moja nilivaa kitambaa nikaenda mpaka karibu na geti. Niliwaza kuingia, kusema kwa mdomo. Niliona gari zimejipanga, watu wamevaa nguo nyeusi wanaingia, yule mwanamke amesimama mlangoni anawapokea mmoja mmoja. Ningeingia kusema nini? Kwamba mimi ndiye yule wa barua, mnipe kazi? Niligeuka. Mama mdogo aliponiuliza nilisema nimekwenda kununua chumvi, akatazama mikono yangu isiyo na chumvi.

Siku njia ilipofunguliwa nilipanda lori la kwanza. Yaya alinipokea na habari kwamba marekebisho yameondoka, neno kwa neno, na aliniapia kwa jina la mama. Tulikwenda siber pamoja, nikayaona kwa macho yangu, chini ya asante yangu ya uongo. Hakuna jibu. Hapo nikamweleza yaya kifo cha yule mkubwa. Alikaa kwenye ngazi ya duka la misumari akashika kichwa.

"Na mimi nilienda mbio," alisema. "Nilienda mbio, nikafikiri ninakusaidia."

"Ulinisaidia."

"Mais niliambia na mama."

Nikamuuliza alimwambia mama nini. Kumbe siku ile aliyotuma, dereva mmoja wa Kirumba alikuwa anaondoka, na yaya kwa furaha alimpa salamu za kumpelekea mama: kwamba nimekwenda Beni kwa mahojiano, na asante tayari imetumwa.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yangu alijua kitu kimoja juu ya asante. Mtu hashukuru mbele ya kupewa. Kama binti yake ameshashukuru, basi ameshapewa. Mama hakuuliza swali lingine. Kesho yake dereva mwingine alituletea habari kwamba mama ameshuka kutoka kijijini, amewaachia majirani mbuzi na migomba, yuko Kirumba kwa mjane mmoja wa kanisa, karibu na mahali malori yanaposimama, na godoro lake limefungwa kamba. Anangoja lori la Beni. Anauliza mlango unaangalia upande gani, ili ajue kama asubuhi jua litamfikia kifuani.

"Tumuambie arudi?" aliuliza yaya.

"Bado," nilisema. "Bado hawajajibu. Pengine watanipa."

Nilimwacha mama angoje. Kurudi milimani sikutaka kumwambia, na kumleta Butembo asingekubali, nilimjua. Kila siku ya mafuta nilipanda ngazi za siber. Kila siku nilifungua sanduku nikakuta matangazo ya watu wanaouza vitu nisivyovijua. Yule kijana wa kaunta alianza kunifungulia bila kunidai, na hilo lilinitia hofu, kwa sababu watu wa Butembo hawakusamehei dakika mpaka waone umekwisha.

Jibu lilikuja siku ya soko. Nalikumbuka lote, kwa sababu lilikuwa fupi kama langu.

Madame aliandika kwamba amepokea jumbe zangu zote mbili, na nisisumbuke juu ya ule wa kwanza. Aliandika kwamba mwenzake alikuwa amesoma maombi yangu kabla ya safari yake, na aliyapenda, na mazungumzo yale yangemfurahisha kweli. Kisha akaandika kwamba walinichagua mimi. Kisha, mstari wa chini yake, kwamba makao makuu yameamua kufunga ofisi ya Beni baada ya yaliyotokea, ghala limekabidhiwa kwa wengine, na yeye anaondoka juma lile. Alisikitika. Mwishoni aliweka jina lake.

Nilisoma, nikasoma tena. Ile barua ya kwanza, iliyoninyima usingizi, iliyonifanya nimjibu mama mdogo vibaya, haikuharibu kitu. Walinichagua. Kosa lilisahihishwa, likasamehewa, na mlango haupo. Afadhali ningekuwa nimekosa mimi. Mtu akikosa anaweza kujuta, anaweza kusema safari nyingine nitafanya hivi na hivi. Pale sikuwa na cha kujutia hata kimoja, na sikuwa na cha kufanya.

Mtandao ulikuwa unahesabu. Nilimjibu hapo hapo, bila disketi. Nilimwambia asante, nikamwambia pole kwa msiba, ile pole niliyoikata. Jina lake nililitazama herufi kwa herufi kabla ya kutuma.

Kisha nilishuka mpaka kwenye maegesho ya malori yaendayo Kirumba. Nilimpata dereva anayemjua mama. Njiani nilikuwa nimetunga maneno mengi: juu ya yule mkubwa, juu ya makao makuu, kwamba walinichagua kweli, kwamba si uongo wa yaya, kwamba nitatafuta kwingine. Dereva alikuwa amewasha injini, mguu uko kwenye kanyagio. Nikamtazama mtu yule aliyechoka, anayetakiwa kubeba hayo yote kichwani kwenye njia ya mashimo, nikasikia sauti ya mama mdogo anapuliza makapi.

"Umuambie hivi," nilisema. "Yaya alikosea. Ule mama wa ofisi ya Beni alinijibu, kazi haiko. Anisamehe. Aje kwetu Butembo kama anaweza, kama haiwezekane, arudie nyumbani, nitakuja kumuona."

Dereva alirudia, akapata sawa, akaondoka.

Alirudi baada ya siku mbili. Alishuka na kuku jike, mweupe, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba, akanikabidhi.

"Mama anasema hii ni ya ule mama wa ofisi ya Beni," alisema. "Juu ya kukujibu."

"Nilikuambia kazi haiko. Ulimuambia?"

"Nilimuambia, mama. Yote, vile ulisema. Alisikia. Akasema hata vile, mutu mwenye anakujibu unamushukuru."

Nilishika kuku. Alikuwa na joto, moyo wake ukipiga kwenye kiganja changu.

"Na yeye? Alikataa kuja?"

"Alirudia kule juu. Jana asubui."

"Na godoro?"

"Alilibeba."

"Na nani?"

Dereva alivua kofia, akajikuna kichwa, akaangalia magurudumu ya lori lake.

"Peke yake," alisema.